Kutafsiri barua ya mkono ya Mombasa kwa rafiki mgeni: kutoka picha ya simu hadi Kiingereza chenye adabu zake

Rafiki yako mgeni amepata kikaratasi kutoka kwa mama aliyemkaribisha nyumbani kwake Mombasa, Mji wa Kale. Amekipiga picha, amekutumia, na anataka ajue kimeandikwa nini. Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo" na "asante". Kwako kazi yaonekana ni ya dakika tano, nawe unashawishika kumjibu: "Anakusalimia, anasema kuna harusi Ijumaa, uende." Hapo utakuwa umeshampotosha, kama utakavyoona mbele, na salamu zote za mama umezitupa.

Mwongozo huu unafuata barua moja ya namna hiyo tangu picha hadi Kiingereza kilichokamilika. Barua yenyewe nimeitunga kwa ajili ya mfano, ila kila kilichomo utakikuta katika barua za watu wazima wa Mombasa. Barua za Lamu, Unguja na Pemba zina maneno yake, lakini hatua ni hizi hizi.

Anza na picha, usianze na maneno

Picha iliyopita katika WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo: nukta ya i, mkia wa y, alama ya juu katika ng'. Mwambie rafiki yako aitume tena kupitia `Document`, ili faili lije lilivyo. Kama karatasi bado anayo, aipige upya mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu yake sawasawa, bila mwanga wa simu yenyewe, kwa kuwa huo huacha doa jeupe katikati ya maandishi. Aifungue mikunjo yote. Apige na upande wa nyuma hata akiamini ni mtupu, maana watu wazima hawapendi kupoteza karatasi, na mara nyingi jambo lililosahaulika limeandikwa nyuma au pembeni kwa kusimama.

Ukiipata, igeuze iwe nyeusi na nyeupe na uongeze utofauti wa rangi kidogo. Wino wa upande wa pili ukiwa umepenya, usiongeze mno, la sivyo herufi za nyuma zitajichanganya na za mbele. Weka nakala moja ambayo hujaigusa.

Nakili kama ilivyo, hata pale unapodhani imekosewa

Sasa chukua karatasi yako uandike unachokiona, mstari kwa mstari, pasipo kusahihisha. Hii ndiyo hatua ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu Kiswahili ni chetu, na ndiyo inayoamua mengine yote. Jicho la mzawa husoma haraka kuliko herufi zilivyo. Linaona neno linalolitarajia. Pasiposomeka weka `[...]`, na penye shaka andika ulivyosoma kisha uweke `[?]`.

Barua yetu baada ya kunakiliwa ni hii:

> 786
>
> Kwa mwanangu mpenzi,
>
> Asalam alekum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, nashukuru M/Mungu, sijui hali yako wewe na wazee wako huko. Zawadi zako zimenifika, ahsante sana, M/Mungu akujazi. Nduguyo yuwaowa. Arusi ni usiku wa Ijumaa baada ya Isha, na walima ni Ijumaa saa nane mchana hapa kwetu. Hatuna makubwa, ni kunywa maji tu, lakini ndoo [?]. Na ukiwa na udhuru pia si neno. Ile safari ya mwezi ujao tutaona inshallah. Uniwie radhi kwa hati mbaya, mato yangu yana kiza. Nisalimie wazee wako.
>
> Wasalam, mamako

Alama ya shaka iko kwenye neno moja tu. Katika picha linaweza kuwa "ndio" au "ndoo". Mtu wa bara au hata wa Dar es Salaam atachagua "ndio" mara moja, kwa kuwa "ndoo" kwake ni chombo cha kutekea maji, na maji yametajwa hapo hapo! Usichague bado. Tafuta "ndi" au "i" nyingine aliyoiandika mwandishi huyo huyo: katika "inshallah" na "nisalimie" ameweka nukta kila mahali. Kwenye neno letu hakuna nukta, na mviringo wa herufi ya tatu unalingana na ule wa herufi ya nne. Basi ni "ndoo". Njia hii ya kumpima mwandishi kwa herufi zake mwenyewe ndiyo ya kutegemewa kuliko zote, na itakusaidia pia kutofautisha u na n, w na m, a na o, ambazo katika hati ya haraka hufanana.

Tambua vilevile vifupisho. M/Mungu ni Mwenyezi Mungu. Namba 786 juu ya karatasi si namba ya nyumba wala ya simu. Ni hesabu ya herufi za Kiarabu za Bismillahi, ambayo baadhi ya Waislamu huiandika badala ya kulitaja jina la Mungu kwenye karatasi inayoweza kutupwa. "Arusi" bila h, "yuwaowa" yenye w, "Asalam" yenye s moja: yote yaache yalivyo.

Jiulize nani anamwandikia nani

Kabla ya kugusa Kiingereza, andika majibu ya maswali mawili. Mwandishi ni nani kwa mpokeaji? Na yupi ana haki ya kuheshimiwa zaidi?

Hapa mama mtu mzima anamwita mgeni "mwanangu". Huyo mgeni si mwanawe wa kuzaa, lakini amekula na kulala kwake, na tangu hapo ni mtoto wa nyumba. Kila kitu kinafuata kutoka hapo. "Nduguyo" siye ndugu wa mgeni aliye Ulaya. Ni kijana wa mama, ambaye sasa ni kaka wa mgeni kwa sababu wote wawili ni watoto wake. Tafsiri inayosema tu kwamba ndugu yako anaoa itamshtua rafiki yako, atapiga simu kwao kuuliza. "Wazee wako" nao si vikongwe wowote, ni baba na mama yake. Kama mama ana vijana wawili au watatu, usimtaje yeyote kwa jina katika tafsiri. Mwulize rafiki yako anamjua nani aliyekuwa akichumbia.

Maneno ya Kimvita na pale kamusi inapokuacha

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo kwa vitabu na kamusi. Ndiyo maana kamusi ya kawaida itakupa "macho" lakini "mato" itakutafutisha, ingawa watu wa Mvita, yaani Mombasa, hawajaacha kusema mato. Ukihitaji kamusi iliyobeba matamshi ya Mombasa, ile ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 bado ina faida, mradi uizoee tahajia yake ya zamani.

Kwa barua nyingi lakini kanuni mbili zinatosha. Pale Kiunguja kina ch, Kimvita mara nyingi kina t: macho ni mato, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka. Na pale Kiunguja kina nj, Kimvita kina nd: njaa ni ndaa, njia ni ndia, na njoo ni ndoo. Neno letu la shaka limejifungua lenyewe. Mama anasema: hatuna makubwa, ni kunywa maji tu, lakini njoo. Kwa kusoma "ndio" mwaliko wenyewe ungetoweka kwenye barua ya mwaliko.

Kanuni hizi usizitumie kwa nguvu. Chakula hakigeuki, chai haigeuki, na "kuteka" ya Mombasa yaweza kuwa kucheka au kuteka maji kama kwingine. Sentensi ndiyo inayohukumu. Barua ikitoka Lamu utakuta j imekuwa y, kama "yana" kwa jana na "kuya" kwa kuja, na "zombo" kwa vyombo. "Yuwaowa" ni anaoa: yu- ya nafsi ya tatu ni ya kawaida Mombasa, na hapa inabeba jambo linalokaribia kutendeka.

Mengine si ya lahaja, ni ya umri na malezi. "Hati" hapa ni mwandiko, si cheti. "Kiza" ni giza. "Akujazi" ni akulipe kheri. "Si neno" ni si kitu, haidhuru. "Udhuru" ni sababu inayomzuia mtu kwa haki, haina lawama ndani yake.

Saa na siku: hapa ndipo mtu hukosa arusi

Saa nane mchana ni saa mbili alasiri kwa hesabu ya Kiingereza, hilo kila mtu analijua, na bado ndilo linalosahaulika ukitafsiri kwa haraka. Kubwa zaidi ni "usiku wa Ijumaa". Kwa hesabu ya Kiislamu inayofuatwa Pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwa mama huyu, ni ule unaoanza Alhamisi baada ya Magharibi, ambao wengine huuita usiku wa kuamkia Ijumaa. Mgeni akiandikiwa kuwa arusi ni Ijumaa usiku atafika siku moja baadaye na kukuta turubai linakunjwa.

Utajuaje kwamba mama anahesabu hivyo, na si kama vijana wa leo wanaosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha Ijumaa yenyewe jioni? Barua inakuambia. Walima ni karamu ya baada ya ndoa kufungwa, na yeye ameiweka Ijumaa saa nane mchana. Kama arusi ingekuwa Ijumaa baada ya Isha, walima ungetangulia ndoa. Kwa hiyo ni Alhamisi. Ushahidi wa namna hii usipokuwepo, usikisie: mwombe rafiki yako apige simu nyumbani na aulize kwa jina la siku na tarehe. Hata ukiwepo, simu bado haidhuru.

Ukikutana na tarehe kama "mwezi 12 Mfunguo Sita", jua kwamba miezi inahesabiwa tangu Ramadhani iishe: Mfunguo Mosi ni Shawwal, na Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi. Usiibadilishe kuwa tarehe ya Kizungu kwa kuangalia kalenda peke yake, kwani kuandama kwa mwezi kunaweza kuisogeza siku moja. Nayo "mtondo" ni siku inayofuata kesho kutwa.

Salamu na unyenyekevu: usikate, usinyooshe

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Barua hii ina maneno ya adabu zaidi ya nusu yake, na mtafsiri ana vishawishi viwili. Kimoja ni kuyakata, kwa kuwa "hayana habari". Cha pili ni kuyatafsiri neno kwa neno, yakatoka magumu au ya kuchekesha. Kipimo ninachokitumia ni kuuliza kila fungu lafanya kazi gani, kisha kutafuta Kiingereza kinachofanya kazi hiyo hiyo kwa maneno ya karibu kadiri inavyowezekana.

"Sijui hali yako" ni mfano mzuri. Kwa maneno matupu ni kauli ya kutojua, na Kiingereza chake cha moja kwa moja kinasikika kama lawama: hujaniandikia, sijui ukoje. Kazi yake katika barua ni kuuliza hali na kusubiri jibu. Kwa hiyo kitafsiriwe kuwa natamani kusikia hali yako.

"Hatuna makubwa, ni kunywa maji tu" ni unyenyekevu wa mwenye nyumba. Siku hiyo kutakuwa na sufuria za biriani. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba hawana kitu, mgeni atafikiri familia imefilisika na pengine aje na vyakula mkononi, jambo ambalo litamtia mama haya. Maji yabaki, kwa kuwa mama ameyataja, lakini sentensi iwe ya mtu anayejishusha, si ya mtu anayelia shida.

"Na ukiwa na udhuru pia si neno" ni mlango anaoachiwa mwalikwa ili asione amelazimishwa. Msomaji Mzungu aweza kuuona kama kutojali: kumbe hata nisipokwenda ni sawa. Maneno yenyewe yatafsiriwe kwa upole, na maelezo ya kwamba mwaliko ni wa dhati uyaweke nje ya tafsiri.

"Tutaona inshallah" ndilo fungu linalohitaji ujasiri wa kutofanya kitu. Katika kinywa cha mtu mzima wa Pwani laweza kuwa ahadi ya kweli iliyokabidhiwa kwa Mungu, na laweza kuwa hapana iliyovikwa nguo nzuri. Usimwamulie mama. Tafsiri maneno, liache neno inshallah kama lilivyo, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiingereza wanalijua, na katika maelezo mwambie rafiki yako kwamba hili si ndiyo bado na asikate tiketi.

Kuhusu lahaja yenyewe, nina msimamo mkali. "Ndoo" na "mato" si makosa. Ni Kiswahili safi cha Mombasa. Kwa hiyo yasigeuzwe kuwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika au cha kishamba ili "kuonyesha" lahaja. Mama aliyeandika barua ya heshima atoke kwenye Kiingereza akiwa na heshima ile ile. Sauti ya Kimvita itapotea katika tafsiri, na mahali pa kuitaja ni kwenye maelezo. Unachoweza kuokoa ni mambo: Isha, walima, dua, jina la mtoto wa nyumba.

Andika Kiingereza

Tumia maneno mafupi na sentensi za kawaida. Epuka Kiingereza cha vitabu vya dini vya zamani. Mama hakuandika kizamani, ameandika kama anavyozungumza na mtu anayempenda. Yangu ni hii:

> My dear child,
>
> Peace be upon you. After greetings: I am well, thanks be to God, and I long to hear how you are, you and your parents over there. Your gifts have reached me. Thank you very much, and may God reward you. Your brother, my son, is getting married. The wedding is on Thursday night, after the Isha prayer, and the walima, the wedding feast, is on Friday at two in the afternoon, here at our house. It is nothing grand, just a drink of water, but do come. And if something keeps you away, please do not worry. As for that trip next month, we shall see, inshallah. Forgive my poor handwriting; my eyes have grown dim. Greet your parents for me.
>
> Peace,
> your mother

Linganisha na nakala fungu kwa fungu ukiwa na kalamu. Mambo matatu nimeyaongeza ambayo hayamo kwa maneno: kwamba ndugu ni mwana wa mama, kwamba Isha ni sala, na kwamba walima ni karamu. Jambo moja nimelibadilisha, yaani usiku wa Ijumaa kuwa Alhamisi usiku. Hayo manne lazima yatajwe kwenye maelezo, ili rafiki yako ajue ni mkono wako. Namba 786 nimeiacha nje ya Kiingereza na kuieleza chini.

Maelezo yasizidi mistari minane hivi, nayo yakae chini ya tafsiri, si katikati yake. Ndani yake weka siku na saa kwa namna mbili, ile ya mama na ile ya mgeni. Kwamba maji maana yake ni karamu. Kwamba mlango wa udhuru ni adabu, na asipoweza kwenda apige simu mapema kuomba radhi. Kwamba safari haijakubaliwa. Na kwamba neno la mwaliko limesomwa "ndoo", yaani njoo kwa Kimvita.

Kabla hujatuma

Msomee mtu wa Mombasa nakala ya Kiswahili kwa sauti, si tafsiri. Akisita mahali, rudi kwenye picha. Lakini usimtumie picha yenyewe bila ruhusa ya rafiki yako, maana barua ni ya watu wawili na mara nyingi ina majina na namba za simu. Kumsomea sentensi yenye shaka kwatosha. Mpelekee rafiki yako vyote vitatu pamoja: nakala, tafsiri na maelezo, ili siku akijifunza Kiswahili awe na maneno ya mama mwenyewe.

Naye atataka kujibu. Msaidie ajibu kwa mpangilio ule ule: shikamoo kwanza, kisha hali yake na ya wazee wake, maana ameulizwa, kisha shukrani kwa dua, na ndipo aseme kama atakwenda Alhamisi. Safari ya mwezi ujao asiiguse mpaka mama airudie mwenyewe.